Nani Alifanya Nini? Mwongozo wa Kuandika Muhtasari wa Kikao kwa Kauli ya Kutenda

Ubovu wa muhtasari wa kikao hauonekani siku unapoandikwa. Huonekana kikao kinachofuata, katibu anapofika kwenye yatokanayo na kusoma kwamba "iliazimiwa hatua za haraka zichukuliwe", mwenyekiti akauliza jambo hilo limefikia wapi, na wajumbe wakabaki kutazamana. Kwa kawaida lawama huenda kwa wajumbe kwamba ni wazembe. Lakini ukiisoma tena sentensi hiyo utaona kwamba haikumtuma mtu yeyote kufanya kitu chochote, kwa hiyo hakuna aliyeikiuka.

Mwongozo huu unahusu namna ya kuiandika upya sentensi ya aina hiyo mpaka ionyeshe mtenda na tendo lake. Mfano nitakaoutumia ni wa kutunga, ingawa kila aliyewahi kuwa katibu wa kamati ataitambua lugha yake. Kamati ya maji ya kijiji imekutana, na katibu ameandika hivi:

"Ilibainika kuwa kumekuwepo na upotevu wa maji katika bomba kuu, hali iliyosababishwa na kutokufanyika kwa matengenezo kwa wakati. Ilielezwa kuwa vifaa viliagizwa lakini havikupatikana kutokana na changamoto za kifedha. Baada ya majadiliano ya kina iliazimiwa kuwa hatua za haraka zichukuliwe ili kuhakikisha ukarabati unafanyika, na wahusika wafuatilie suala hilo. Aidha, wananchi waelimishwe juu ya umuhimu wa utunzaji wa miundombinu."

Aya hii haina kosa la sarufi. Ni lugha ya ofisi tuliyoizoea, na ndiyo maana huwa hatuishtukii.

Hatua ya kwanza: pigia mstari vitenzi, kisha tazama mwanzo na mwisho wa kila kimoja

Kiswahili kinarahisisha uchunguzi huu, kwa kuwa kitenzi chetu hubeba habari nyingi ndani yake. Mwanzoni kuna kiambishi cha nafsi au cha ngeli, na mwishoni kuna mnyambuliko unaoonyesha kauli. Chukua kalamu, pigia mstari kila kitenzi, kisha uulize maswali mawili: je, kiambishi cha mwanzo kinasimama badala ya mtu? Na je, mtu huyo ndiye anayetenda?

Ukiacha "kuwa" na "kutokana", aya yetu ina vitenzi 13: ilibainika, kumekuwepo, iliyosababishwa, kutokufanyika, ilielezwa, viliagizwa, havikupatikana, iliazimiwa, zichukuliwe, kuhakikisha, unafanyika, wafuatilie na waelimishwe. Vinavyoanza kwa kiambishi cha watu ni viwili tu, vile vya mwisho. Kati ya hivyo viwili, "waelimishwe" inawataja wanaotendewa, wala haimtaji wa kuwaelimisha. Inabaki "wafuatilie", ambayo mtenda wake ni "wahusika", neno ambalo kila mjumbe anaweza kudhani linamhusu mwenzake. Aya nzima, basi, haina mtu hata mmoja anayeweza kuulizwa.

Hatua ya pili: tambua mtenda ametoka kwa mlango gani

Si sentensi zote zinazompoteza mtenda kwa njia moja, na dawa yake hutegemea njia iliyotumika.

Njia ya kwanza ni kauli ya kutendwa, ile ya kiambishi -w-: viliagizwa, ilielezwa, iliazimiwa. Hapa mtenda yupo ila ameachwa nje, na sarufi inakuruhusu kumrudisha kwa "na": viliagizwa na mhazini. Kauli hii ndiyo nyepesi zaidi kurekebisha, maana swali la "na nani?" linajitokeza lenyewe. Hata hivyo, kumrudisha mtenda kwa "na" kuna hatari yake, kwa sababu "na" hiyo hiyo ndiyo inayounganisha. Sentensi "Mhazini aliitwa na katibu kwenye kikao" yaweza kumaanisha kwamba katibu ndiye aliyemwita mhazini, au kwamba wote wawili waliitwa. Katika mazungumzo sauti na mazingira hutatua utata huo, lakini katika faili la kamati litakalofunguliwa baada ya miaka mitatu hakuna wa kuutatua. Andika "Katibu alimwita mhazini", na utata umekwisha.

Njia ya pili ni kauli ya kutendeka, nayo ni ya kuangaliwa kwa makini zaidi: pampu iliharibika, mita ilivunjika, kazi haikufanyika. Jaribu kuongeza mtenda uone. "Pampu iliharibiwa na fundi" inasemeka, ila "pampu iliharibika na fundi" haikubaliki. Kauli hii inakieleza kitu kana kwamba kilipatwa na hali hiyo chenyewe, na msomaji hapati hata nafasi ya kuuliza nani. Zaidi ya hapo, katika vitenzi vingi kauli hii hubeba pia maana ya uwezekano, kama tunavyosema barabara inapitika au maji haya yananyweka. Kwa hiyo "vifaa havikupatikana" ina maana mbili ambazo kwa kamati ni tofauti kabisa: mtu alikwenda dukani akavikosa, au hakuna aliyekwenda. Ya kwanza ni tatizo la soko, na ya pili ni tatizo la kamati.

Njia ya tatu ni kulifanya tendo kuwa nomino. Badala ya kusema kwamba mtu hakutengeneza, tunasema "kutokufanyika kwa matengenezo". Badala ya kusema kwamba maji yanavuja mahali fulani, tunasema "kumekuwepo na upotevu wa maji". Tendo likishakuwa nomino linahitaji kitenzi cha kulibeba, na vibebaji vyetu vya kila siku ni fanya, toa, weka, pata na chukua: kufanya ukaguzi, kutoa maelekezo, kuweka mkakati, kuchukua hatua. Rudisha nomino kuwa kitenzi: kukagua, kuelekeza. "Kuweka mkakati" na "kuchukua hatua" zitakukatalia, kwa sababu ndani yake hamna tendo la kurudisha, na hiyo tayari ni habari muhimu kwako.

Hatua ya tatu: mtafute mtenda kwenye daftari, usimbuni

Makatibu wengi wanaposikia ushauri wa kutumia kauli ya kutenda hukimbilia kuweka jina mbele ya sentensi na kuona kwamba kazi imekwisha. Kazi hii haianzii kwenye sarufi, huanzia kwenye daftari la kikao. Rudi kwenye maandishi uliyochukua mkikaa, na kwa kila kitenzi kisicho na mtenda andika pembeni nani alisema, nani alifanya na nani aliagizwa. Ukikosa jibu, siku hiyo hiyo au kesho yake mpigie simu mjumbe aliyezungumza, kabla kumbukumbu hazijaanza kutofautiana.

Tuseme katibu wetu amefanya hivyo, na daftari pamoja na simu mbili zimempa haya. Aliyezungumza kwanza alikuwa fundi wa bomba, naye alisema kwamba bomba kuu linavuja katika viungio viwili karibu na kituo cha kuchotea maji cha shuleni. Alisema pia kwamba mwezi Aprili alimwandikia mhazini barua ya kuomba viungio vipya. Mhazini alikiri kuipokea barua hiyo, akaeleza kwamba hakununua kitu kwa sababu wasimamizi wa vituo vitatu hawakuwa wamewasilisha makusanyo ya mwezi huo. Kuhusu "elimu kwa wananchi", aliyelileta jambo hilo ni mwenyekiti, na alichokisema hasa ni kwamba wafugaji wanapitisha ng'ombe juu ya mtaro wa bomba, na udongo umeondoka mpaka bomba limebaki wazi.

Linganisha habari hizo na ile aya ya mwanzo. "Changamoto za kifedha" zilikuwa wasimamizi watatu ambao hawajaleta fedha, na "utunzaji wa miundombinu" ulikuwa ng'ombe kwenye mtaro. Katibu hakuwa na nia ya kuficha, ila lugha aliyoichagua ilimfanyia kazi hiyo bila yeye kujua. Utagundua pia kwamba "viliagizwa" haikuwa kweli. Fundi aliomba viungio, na hakuna aliyeviagiza dukani. Nimeona mara nyingi jambo hili likitokea: kumtafuta mtenda hufichua kwamba tendo lenyewe halikufanyika.

Hatua ya nne: mtangulize mtenda, au umpe kitenzi kiambishi chake

Sasa andika. Mpangilio wa kawaida ni mtenda, kitenzi, kitendwa: "Fundi alimwandikia mhazini barua ya kuomba viungio viwili." Sentensi nyingi za muhtasari zinatosha kwa mpangilio huu.

Kuna wakati kinachozungumziwa ni kitu, na katibu anaona ni lazima kianze kitu hicho. Wengi hapo hurudi kwenye kauli ya kutendwa: "Fedha hizo zilipokelewa na mhazini." Hakuna ulazima. Kiswahili kinakuruhusu kukitanguliza kitendwa, ukaweka kiambishi chake ndani ya kitenzi na ukabaki katika kauli ya kutenda: "Fedha hizo alizipokea mhazini." "Pampu hii aliifunga fundi wa wilaya." "Viungio hivyo fundi atavibadilisha Jumamosi." Msomaji anaanza na kitu anachokitafuta, na mtenda yumo ndani ya kitenzi chenyewe. Pale mtenda anapobishaniwa, tumia urejeshi: "Aliyezipokea fedha hizo ni mhazini." Njia hizi ni za mazungumzo yetu ya kila siku, ila tukishika kalamu ya ofisi tunazisahau.

Jihadhari pia na kauli ya kutenda iliyo na mtenda bandia. "Walisema wataleta mabomba" ni kauli ya kutenda kamili, lakini "wa-" hiyo inamwakilisha nani? "Kamati itashughulikia" nayo ina kiima, ila kamati haina miguu ya kwenda dukani. Mjumbe mmoja ndiye atakayekwenda. Kadhalika usiseme "Mwenyekiti alichimba mtaro" ikiwa waliochimba ni vijana wa kitongoji na yeye aliwasimamia. Andika "Vijana wa kitongoji walichimba mtaro, na mwenyekiti aliwasimamia". Kumpa mkubwa tendo la wadogo ni upotoshaji sawasawa na kumficha, na katika vijiji vyetu huleta manung'uniko makubwa zaidi.

Hatua ya tano: badilisha kitenzi kipana kwa kitenzi kinachoonekana

Mtenda akishapatikana, kipime kitenzi chake kwa maswali mawili. Je, ningesimama pale ningemwona akifanya? Na je, ningejua amemaliza? "Kufuatilia" inashindwa yote mawili. Mtu anaweza kufuatilia mwaka mzima bila kutoka nyumbani, na hakuna siku utakayomwambia kwamba sasa umemaliza kufuatilia. Wenzake ni kushughulikia, kuhakikisha, kuratibu, kuboresha, kulifanyia kazi na kuangalia namna. Vinavyofaulu ni vile vya mikono na miguu: kununua, kupima, kufukia, kupeleka barua, kupiga simu, kuhesabu, kusaini.

Kila ukikuta "afuatilie", uliza anayefuatilia angefanya nini kwanza akitoka kikaoni. Jibu ndilo kitenzi chako. Ikiwa kufuatilia kwa mhazini ni kwenda kwa wasimamizi watatu kudai makusanyo, basi andika kwamba awaendee na adai.

Kuna jambo la adabu hapa ambalo huwazuia makatibu wengi. Wanahofu kwamba kumtaja mtu na tendo lake ni kumuumbua, na hofu hiyo ina msingi, kwa sababu muhtasari husomwa mbele ya watu. Kinga iko katika kitenzi. "Alizembea", "alikiuka" na "alishindwa kuwajibika" ni hukumu, na kikao hakikukaa kama mahakama. "Hakununua" ni tendo, au tuseme kutotenda, na mhazini mwenyewe alilikiri. Mtaje kwa wadhifa, andika alichokifanya au alichokisema, na uweke sababu aliyoitoa mwenyewe. Mhazini wetu anatoka vizuri zaidi katika sentensi inayosema kwamba hakununua kwa sababu hakuletewa makusanyo kuliko katika ile inayosema vifaa "havikupatikana", ambayo inamwachia kila msomaji adhani anavyotaka kuhusu fedha zilizo mikononi mwake.

Hatua ya sita: andika upya, ukiyatenganisha maazimio

Sehemu ya maelezo inakuwa hivi:

"Fundi alieleza kwamba bomba kuu linavuja katika viungio viwili karibu na kituo cha shuleni, na kwamba mwezi Aprili alimwandikia mhazini barua ya kuomba viungio vipya. Mhazini alikubali kwamba aliipokea barua hiyo. Alisema hakununua viungio kwa sababu wasimamizi wa vituo vitatu hawakumletea makusanyo ya Aprili. Mwenyekiti aliongeza kwamba wafugaji wanapitisha ng'ombe juu ya mtaro, na kwato zimeondoa udongo uliofunika bomba."

Maazimio yasifumbatwe katika aya moja. Kila azimio lipate sentensi yake, mtenda mmoja, kitenzi kimoja cha dhamira tegemezi kama "anunue", na tarehe au kikomo kingine cha muda:

"Wasimamizi wa vituo vitatu wampelekee mhazini makusanyo ya Aprili kabla ya tarehe 7 Juni. Mhazini anunue viungio viwili vya bomba la inchi mbili kabla ya tarehe 10 Juni na amkabidhi fundi. Fundi avibadilishe kabla ya tarehe 14 Juni. Mwenyekiti akutane na wafugaji kabla ya mkutano wa kijiji na awaonyeshe njia nyingine ya kupitisha mifugo."

Azimio la pili na la nne yana vitenzi viwili viwili, nami nimeyaacha hivyo makusudi, kwa sababu kununua na kukabidhi ni safari moja ya mtu mmoja, na kukutana na kuonyesha ni vivyo hivyo. Kama vingekuwa vya watu wawili ningevitenganisha. Azimio la kwanza ndilo linalonitia wasiwasi, kwa kuwa lina watenda watatu. Katika muhtasari halisi ningetaja kila kituo kwa jina lake, maana wawili wakileta na mmoja asilete, sentensi ilivyo haisemi nani hajaleta. Angalia pia kwamba maazimio yanategemeana: mhazini hawezi kununua kabla wasimamizi hawajaleta. Utegemezi huo ulikuwapo tangu mwanzo, ila "hatua za haraka zichukuliwe" haikuuonyesha, na kamati isingejua wapi pamekwama.

Mahali pa kuiacha kauli ya kutendwa

Kuna anayelichukua somo hili kama amri na kuanza kufuta kila -w- anayoiona. Asifanye hivyo. Kiswahili kina vitenzi ambavyo kauli ya kutendwa ndiyo makao yake. Tunasema mtu amezaliwa, ameolewa, amefiwa na mama yake, ameibiwa baiskeli, amenyeshewa na mvua. Ukiandika "Mjumbe mmoja hakuhudhuria kwa sababu amefiwa", umesema kila kinachotakiwa, na mkazo uko kwa mfiwa inavyostahili.

Iache pia pale mtenda asipojulikana kwa kweli. Koki ya kituo cha sokoni imeibwa usiku na hakuna aliyemwona mwizi: "Koki ya kituo cha sokoni iliibwa" ni sentensi ya kweli, na kuweka "watu wasiojulikana" mbele yake hakuongezi habari. Unachoweza kuongeza ni mtenda unayemjua: "Msimamizi wa kituo aligundua asubuhi ya tarehe 2 kwamba koki imeibwa, akamwarifu mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo." Kauli ya kutendeka nayo ina kazi yake halali. Bomba lililopasuka kwa uchakavu limepasuka, na kumtafutia mtu wa kulipasua ni kumwonea.

Kipimo ni hiki: ukiondoa mtenda, uweze kujibu kwa nini umemwondoa. "Simjui" ni jibu, na "si muhimu hapa" ni jibu vilevile. "Ndivyo tunavyoandika siku zote" si jibu.

Ukaguzi kabla ya kusaini

Kabla ya kumpelekea mwenyekiti, chukua karatasi nyingine na andika wadhifa wa kila mtu aliyehudhuria, mmoja mmoja kwenda chini. Soma maazimio, na mbele ya kila wadhifa andika kitenzi alichopewa na tarehe yake. Azimio ambalo halikupata mtu wa kuandikwa mbele yake lirudi hatua ya tatu. Mtu aliyepata vitenzi vingi kuliko wenzake wote kwa pamoja, naye ni wa kuangaliwa, kwani huenda kikao kilimtwisha kazi zote, au huenda wewe ndiye uliyekuwa ukiandika jina lake kila ulipokosa la kuandika.

Karatasi hiyo usiitupe. Kikao kijacho, yatokanayo yaandike kwa vitenzi vile vile katika wakati uliopita: mhazini alinunua viungio tarehe 9 Juni, fundi alivibadilisha tarehe 13, mwenyekiti hajakutana na wafugaji na ameomba hadi mwisho wa mwezi.